Naomba ushauri: "risiti mara moja baada ya kulipa" tunaipimaje?

Wakuu, naomba ushauri kabla hadithi hii ya mtumiaji haijafika kwa wasanidi: "Kama mteja, nataka kupata risiti mara moja baada ya kulipa kwa simu."

"Mara moja" haipimiki, na "risiti" haisemi ni SMS au barua pepe. Hayo mwenye bidhaa anayajibu kwa dakika mbili. Utata mzito uko kwenye "kulipa". Ni pale mteja anapoweka PIN, au pale mtandao wa simu unapoirudishia seva yetu majibu? Msanidi akishika tafsiri ya kwanza, mteja asiye na salio la kutosha atapata risiti ya malipo yaliyokataliwa.

Rasimu yangu ya vigezo vya kukubalika:

Ikiwa oda ya shilingi 15,000 inasubiri malipo, jibu la mafanikio la kiasi hicho likifika kwenye seva, basi oda isomeke "Imelipwa" na SMS iwe imekabidhiwa kwa mtoa huduma ndani ya sekunde 10.

Jibu lilelile likirudiwa kwa namba ileile ya muamala, SMS ya pili isitumwe.

Jibu likiwa la kushindwa, oda ibaki "Haijalipwa" na risiti isitoke.

Sekunde nimezihesabu tangu jibu linapofika, maana ucheleweshaji wa mtandao hatuumiliki, na mpimaji anaweza kutuma jibu la kuigiza.

Ninapokwama: jibu lisipofika kabisa, mnaweka dakika ngapi kabla ya mfumo kuuliza hali ya muamala? Na hicho mnakiacha kama kigezo hapa, au mnakitenga kuwa hadithi yake?