Naomba ushauri: alama za tanbihi kwenye jedwali la matokeo

Wakuu, jedwali langu la tasnifu limerudishwa. Nilipima mavuno ya maharage kwenye vishamba tisa kwa kila mbolea, nikaandika "1.8 ± 0.6" bila kusema 0.6 ni nini. Msimamizi kauliza: mkengeuko sanifu au kosa sanifu? Kweli, kwa vishamba tisa kosa sanifu ni 0.2 tu. Hilo nimerekebisha juu ya jedwali: "Jedwali 3: Wastani (mkengeuko sanifu) wa mavuno, tani kwa hekta".

Kinachonisumbua ni tanbihi. Kishamba kimoja kililiwa na mbuzi, lazima nieleze. Namba ndogo juu ya 1.8 inasomeka kama kipeo, na herufi a, b tayari zinaonyesha tofauti za kitakwimu. Nyota je, haitadhaniwa ni thamani ya p? Nyie mlitumia alama gani?