Mtoto wa miezi 18 ana malengelenge viganjani na vidonda mdomoni, hataki kunywa

MamaZuu_Kisauni: Asalaam aleikum. Juzi mwanangu alishikwa na homa, jana akaanza kudondokwa na mate, leo ana vidonda ulimini na malengelenge viganjani, nyayoni na matakoni. Kifua na mgongo safi. Chupa ya maziwa anaisukuma huku akilia. Na joto hili la Mombasa mwalijua. Nisubiri au niende hospitali?

BiMkubwa_Likoni: Tetekuwanga hiyo, mwanangu. Mpake kalamini na usimwogeshe.

Nesi_Bamburi: Shikamoo Bi. Kalamini haina neno, ila tetekuwanga huanzia sana kifuani, mgongoni na usoni, tena yawasha. Haya ya viganjani na nyayoni pamoja na vidonda vya mdomo ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Ni virusi, antibaiotiki haisaidii, na kuoga aoge. Ngozi hainitishi, mdomo ndio wanitia wasiwasi: kumeza kwauma, anakataa kunywa, maji mwilini yapungua. Mama Zuu, mara ya mwisho alikojoa saa ngapi? Akilia atoa machozi?

MamaZuu_Kisauni: Saa nne asubuhi. Sasa saa tisa. Machozi yapo, na ukimwita ageuka.

Nesi_Bamburi: Basi anza nyumbani sasa hivi. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, ngoja kama nusu saa maumivu yapoe, ndipo umnyweshe. Koroga ORS kwa maji yaliyoandikwa kwenye pakiti, iwe baridi, kijiko cha chai kimoja kila baada ya dakika mbili tatu. Chupa weka kando, chuchu yake yasugua vidonda, tumia kikombe. Maziwa baridi sawa, ndimu na ukwaju vitamchoma. Aspirini usimpe kabisa. Ikifika saa kumi na mbili jioni nepi bado kavu, au analia bila machozi, ulimi umekauka, amelegea, usingoje asubuhi. Vilevile akitapika kila kitu au akishtukashtuka usingizini.

Mfugaji_Mtwapa: Si huu ndio ule wa ng'ombe? Nimwage maziwa?

Nesi_Bamburi: La, kaka. Virusi vya ng'ombe ni vingine. Maziwa chemsha tu kama kawaida.

BabaPacha: Wangu walipona ndani ya wiki, halafu baadaye kucha zikabanduka! Tukanunua dawa ya fangasi bure, kumbe zaota zenyewe. Mlezi alikataa kuwapokea hadi ngozi iwe safi kabisa.

Nesi_Bamburi: Mimi nangoja homa iishe na malengelenge yakauke, basi. Virusi hubaki kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa, kwa hivyo kunawa mikono baada ya kubadilisha nepi kwafaa zaidi kuliko kuhesabu magamba.

BiMkubwa_Likoni: Mtoto wangu angekuwa huko kwa mlezi, ningetaka wakae nyumbani.

MamaZuu_Kisauni: Saa kumi na moja na nusu, nepi imelowa, ila mkojo rangi ya chai ya rangi.

Nesi_Bamburi: Bado maji ni machache. Endelea na kijiko usiku, akiamka mpe.