Ulinganisho: simu nyingine, ufunguo wa usalama au misimbo ya ujumbe mfupi? Misimbo ya programu inakataliwa kila mara

Mhasibu wa Nyegezi

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha mwisho wa wiki hii. Barua pepe ya kazini na mfumo wetu wa vitabu vya hesabu vyote vinadai msimbo wa tarakimu 6 kutoka Google Authenticator, na sasa kila msimbo ninaouandika unakataliwa, hata nikiuandika mara tu unapotokea. Kwa bahati kompyuta ya ofisini bado haijanitoa kwenye akaunti. Ninafikiria njia tatu: kununua simu nyingine, kununua ufunguo wa usalama wa kuchomeka kwenye kompyuta, au kumwomba msimamizi wa mifumo anirudishe kwenye misimbo ya ujumbe mfupi. Ipi ni bora kwa mtu wa kazi yangu?

Baharia wa Tanga

Pole sana dada. Hayo yalinikuta nilipokuwa na laini yenye mtandao dhaifu. Msimbo ulifika baada ya dakika kadhaa, na nilipouandika ulikuwa umekwisha muda wake. Nilihamia laini nyingine na tatizo likaisha. Anza na laini kabla ya kununua simu.

Fundi Saa Mbovu

Baharia, anazungumzia misimbo inayotengenezwa ndani ya simu yenyewe. Laini haihusiki hapo.

Dada Mhasibu, kabla ya kulinganisha bidhaa tunahitaji maelezo uliyoyaacha. Simu ni ya aina gani, na uliipata wapi? Je, akaunti zote zinakataa au moja tu? Wenzako wa ofisini wanaingia bila shida? Na la muhimu kuliko yote: saa ya simu inajiweka yenyewe, au uliiweka kwa mkono?

Kufuli Mbili

Nunua ufunguo wa usalama, na ununue mbili ili mmoja ubaki nyumbani. Misimbo ya tarakimu 6, iwe ya programu au ya ujumbe mfupi, mtu anaweza kukulaghai uiandike kwenye ukurasa wa uongo naye akaitumia papo hapo. Ufunguo wa FIDO2, yaani kiwango cha kuingia kwa ufunguo badala ya msimbo, hautii sahihi kwa tovuti ambayo hukuuandikisha nayo. Kwa mtu anayeshika hesabu za kampuni, mimi sioni cha kujadili.

Mhasibu wa Nyegezi

Asanteni. Simu ni Android iliyotumika, ndugu yangu aliniletea kutoka Dubai. Akaunti zote zinakataa, ila wenzangu wanaingia vizuri. Kuhusu saa, nilizima ile ya kujiweka yenyewe kwa sababu simu ilikuja ikiwa saa moja mbele, nikairudisha kwa mkono. Sasa iko sawa kabisa. Nimeilinganisha na saa ya ukutani na ya jirani yangu wa meza. Kwa hiyo nadhani saa tunaweza kuiweka kando.

Karani wa Zamani

Basi kama saa iko sawa, tatizo ni programu. Fungua mipangilio ya Google Authenticator, utafute `Time correction for codes`, ubonyeze `Sync now`. Usipoiona, futa programu uisakinishe upya. Mimi kila kifaa kinachosumbua huanza nacho upya.

Msimamizi Nakuru

Dada, tafadhali usifute kitu chochote. Nasema hivi kwa sababu ya jambo nililolishughulikia mimi mwenyewe, na nitalieleza kwa kirefu ili mtu mwingine asilirudie.

Mfanyakazi mmoja katika ofisi niliyoihudumia alikuwa na tatizo kama lako. Rafiki yake alimshauri afute programu na kuisakinisha upya, naye akafanya hivyo jioni baada ya kazi. Programu ilipofunguka ilikuwa tupu. Ile siri inayobebwa na picha ya QR wakati wa kujiandikisha ilikuwa imehifadhiwa ndani ya simu ile tu, wala hakuwa na nakala mahali pengine. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2023 Google Authenticator inaweza kuhifadhi nakala kwenye akaunti ya Google, lakini ni lazima uwe umeingia kwenye akaunti hiyo ndani ya programu, na yeye hakuwa ameingia. Misimbo ya dharura aliyopewa siku ya kwanza hakuichapisha. Akaunti za ofisini niliweza kumfungulia mimi kama msimamizi. Akaunti zake binafsi ilibidi athibitishe utambulisho wake kwa kila mtoa huduma peke yake, na mmoja wao hakumrudishia kabisa. Nilipoishika simu yake, niliona saa ilikuwa nyuma kwa dakika saba. Kuirekebisha kusingechukua hata dakika moja, na asingepoteza chochote.

Tena mkumbuke kwamba saa ya seva nayo huweza kukosea. Mimi huanza huko kila mara, kwa amri hii ya Linux:

```
timedatectl
```

Nikiona `System clock synchronized: no`, najua kazi yangu iko wapi.

Fundi Saa Mbovu

Msimamizi, onyo lako ni la maana sana, ila seva tunaweza kuiondoa kwenye orodha. Wenzake wanaingia, na huduma mbili zisizohusiana zinamkataa yeye peke yake. Kosa liko kwenye simu.

Karani, marekebisho unayoyataja yalikuwapo katika matoleo ya zamani ya Android, na yalisaidia kweli. Lakini yalirekebisha hesabu ndani ya programu ile pekee. Saa ya simu yenyewe ilibaki na kosa lake, na programu nyingine ya misimbo kwenye simu hiyo hiyo ingeendelea kukosea.

Dada, saa hatuwezi kuiweka kando. Programu haisomi saa unayoiona kwenye kioo. Inahesabu sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, inazigawa kwa 30, na kutokana na namba hiyo pamoja na siri yako inapata tarakimu 6. Seva nayo inafanya hesabu hiyo hiyo, na kwa kawaida inakubali pia msimbo mmoja uliotangulia na mmoja unaofuata, basi. Ili kupata UTC, simu inachukua saa uliyoiweka na kutoa saa za eneo. Hapo ndipo ninapohisi tatizo lako lilipo. Simu ilikuja na eneo la Dubai, ambalo ni UTC+4, nawe ukabadilisha saa bila kubadilisha eneo. Ikiwa sasa ni saa nane mchana Mwanza, UTC halisi ni saa tano asubuhi, kwa kuwa sisi ni UTC+3. Simu yako inaonyesha saa nane, inatoa saa nne za Dubai, na kuamini kwamba UTC ni saa nne asubuhi. Iko nyuma kwa saa nzima, yaani sekunde 3600, na kwa hiyo inakupa msimbo uliopitwa na hatua 120 za sekunde 30. Hata uandike haraka namna gani, seva haitaukubali.

Una njia rahisi ya kuhakikisha. Mwombe mwenzako akutumie barua pepe sasa hivi, kisha uangalie saa iliyoandikwa kwenye barua hiyo ndani ya simu. Kama inaonekana imetumwa saa moja mbele ya saa ya kioo, nadharia yangu ni sahihi.

Mhasibu wa Nyegezi

Nimefanya hivyo. Barua imeandikwa 15:20 na simu inaonyesha 14:20. Nimeingia kwenye mipangilio na eneo linasomeka Dubai, `GMT+04:00`. Lakini mbona mtandao unafanya kazi bila shida yoyote?

Fundi Saa Mbovu

Kwa sababu kivinjari kinatazama kama cheti cha tovuti bado kiko ndani ya muda wake, na muda huo ni wa wiki au miezi. Kosa la saa moja halionekani hapo. Ungekosea kwa mwaka mzima, kurasa nyingi zingekataa kufunguka.

Sasa fanya hivi. Kwenye `Settings`, ingia `System`, kisha `Date & time`. Katika simu nyingine majina hayo hutofautiana kidogo. Washa `Set time automatically`, na usiiguse tena. Washa pia saa za eneo zijiweke zenyewe. Zikirudi Dubai au zikikataa kubadilika, zizime hizo tu na uchague Dar es Salaam au Nairobi, `GMT+03:00`, huku ukiacha saa yenyewe ijiweke. Subiri msimbo mpya uanze ndipo uuandike, na usijaribu mfululizo, kwani huduma nyingi hufunga akaunti kwa muda baada ya makosa mengi.

Bin Seif Maskati

Nathibitisha hayo. Mimi nasafiri kati ya Maskati na Unguja, na tofauti ni saa hiyo hiyo moja. Simu yangu inajiweka yenyewe. Nikishuka Unguja kioo kinabadilika, lakini misimbo haijawahi kukataliwa, kwa sababu UTC haijali niko wapi. Msiwe mnasogeza mishale kwa mkono mkifika safari.

Karani wa Zamani

Nimekuelewa, Fundi. Ila basi simu lazima iwe na bando muda wote ili misimbo iwe sahihi, sivyo?

Msimamizi Nakuru

Hapana. Misimbo inatengenezwa bila intaneti kabisa. Mtandao unahitajika mara moja moja tu ili saa isahihishwe. Saa ya kifaa hupotea kwa sekunde moja au mbili kwa siku, kwa hiyo kishikwambi kisicho na laini kilichokaa kabatini miezi kadhaa kinaweza kukosea kwa zaidi ya dakika, na hapo misimbo yake huanza kukataliwa. Simu inayotumika kila siku haifiki huko.

Mhasibu wa Nyegezi

Imekubali, barua pepe na mfumo wa hesabu pia! Kila kitu ni kile kile, ila eneo limekuwa `GMT+03:00`. Nawashukuru sana. Simu sinunui tena. Kilichobaki ni kati ya ufunguo na kurudi kwenye ujumbe mfupi, kwani sitaki kukwama tena siku ya kulipa mishahara.

Baharia wa Tanga

Ujumbe mfupi, dada. Saa ya simu ikikosea, msimbo bado unafanya kazi kwa sababu umetengenezwa na seva.

Kufuli Mbili

Hilo ni kweli, lakini ujumbe mfupi unaifuata laini, na laini inaweza kusajiliwa upya na tapeli bila mwenyewe kujua. Ufunguo nao hautegemei saa.

Fundi Saa Mbovu

Hautegemei saa pale tu tovuti inapokubali FIDO2. Kuna funguo zinazoweza pia kuhifadhi siri za misimbo ya tarakimu 6, YubiKey ikiwa mojawapo, lakini hazina saa ndani yake. Muda zinaupata kwenye simu au kompyuta unayoziunganisha nayo. Ukinunua ufunguo na mfumo wa hesabu ukawa unapokea tarakimu 6 pekee, saa mbaya itakukwamisha vile vile. Mfumo wenu unakubali ufunguo?

Mhasibu wa Nyegezi

Sijui. Kwenye ukurasa wa usalama naona programu na ujumbe mfupi tu, ila huenda msimamizi ana chaguo ambalo mimi silioni. Nitamuuliza Jumatatu, na leo nachapisha misimbo ya dharura ya akaunti zote mbili.

Kufuli Mbili

Akisema haukubali, mwombe awaandikie waliowauzia mfumo huo. Barua pepe yako unaweza kuilinda kwa ufunguo hata kama mfumo wa hesabu umebaki na misimbo.

Karani wa Zamani

Mimi bado ningebaki na programu peke yake. Bei ya funguo mbili si ndogo kwa tatizo ambalo limekwisha tatuliwa.