Tupeane uzoefu: neno gani la sala limewahi kukukwama mdomoni?

MamaWawili: Naanza mimi. Ni Mkatoliki, nimeolewa kwa Walutheri. Kwenye msiba wa baba mkwe tulisali Baba Yetu pamoja. Tulipofika katikati, mimi "mkate wetu wa kila siku", wenzangu "riziki yetu". Nikanyamaza. Binti yangu akanivuta kanga: "Mama, Yesu alisema ipi?" Sijamjibu mpaka leo.

Mzee wa Kwaya: Mwambie mkate. Kigiriki kinasema artos, yaani mkate. Riziki waliiweka watafsiri tu.

Fundi Maandiko: Artos ni mkate kweli, mzee wangu, ila Wayahudi wakisema mkate mara nyingi walimaanisha chakula chote, kama sisi tunavyosema "kutafuta ugali". Shida hasa iko kwenye neno linaloufuata mkate: epiousios. Katika Agano Jipya lipo mara mbili tu, Mathayo 6:11 na Luka 11:3, na zote ni sala hii hii. Kwa hiyo huna sentensi nyingine ya kulipimia. Wapo wanaolisoma "wa leo", wengine "wa kesho", wengine "unaotosha kuishi". Hata Jeromu, alipotafsiri kwa Kilatini, neno hilo hilo kwenye Luka aliliita "wa kila siku", kwenye Mathayo akaliita "upitao vitu vyote". Mtu mmoja, majibu mawili! Mimi naipenda riziki, maana ndani yake mna fungu ulilopangiwa, lakini siwezi kuapa kwamba ndiyo. Binti mwambie Yesu alisali kwa lugha ya kwao, na sisi tumeipokea kupitia Kigiriki.

Abuu Swafiya: Kwetu swala ni kwa Kiarabu, hivyo mdomo haukwami. Kazi iko darasani. Ar-Rahman na Ar-Rahim yametoka shina moja, rehema. Tunafasiri "Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu", na kila mwaka kuna mtoto anauliza, "Ustadhi, si kitu kile kile?" Huwaeleza kama walivyosema baadhi ya wafasiri: la kwanza ni rehema kwa viumbe wote, la pili ni kwa waumini hasa. Wanaelewa, ila maelezo yamekuwa marefu kuliko aya.

Mweka Hazina: Mimi ni "utusamehe deni zetu". Nashika daftari la kikoba. Mama mmoja anadaiwa 80,000, nilipomkumbusha akanisomea mstari huo mbele ya wenzake.

Fundi Maandiko: Kiaramu kina neno moja, hoba, kwa deni na kwa dhambi. Mathayo kaandika madeni, Luka kaandika dhambi. Wakatoliki wanasali "makosa".

Mweka Hazina: Basi kikao kijacho nitamwambia ni dhambi. Lakini huyo huyo Luka anaendelea, "kila tumwiaye". Hapo ni mdaiwa kabisa. Nimwambieje?