Mti au safu: mbona O(log n) moja inachelewa kuliko nyingine?

Mwanafunzi: Wakuu, nina funguo milioni moja, kila ufunguo baiti 8 na thamani yake baiti 8. Nimezitia kwenye `std::map`, ambayo ndani ni mti, kisha nikazitia kwenye `std::vector` iliyopangwa na kutafuta kwa `std::lower_bound`. Kote ni hatua kama 20. Mbona vekta inamaliza mapema hivyo? Mwalimu anasema mti ndio bora. Nimwamini nani, mwalimu au saa?

Kibatari: RAM yako ndogo hiyo. Ongeza hadi 16 GB, utaona mti unakimbia.

Dada wa Seva: Kibatari, data zake zote zimo ndani ya RAM tayari, na hapo ndipo penye kero. Kusoma kitu kilichoko kwenye kashe ya karibu, ile kumbukumbu ndogo ya prosesa yenyewe, ni kama nanosekunde moja. Kukifuata RAM ni karibu 100. Ukinunua RAM zaidi, safari haifupiki. O(log n) inahesabu hatua tu, haiulizi kila hatua inakwenda wapi.

Mzee Biti: Jibu ni jepesi: vitu vya safu vimepangana bega kwa bega, prosesa ikivuta kimoja inakuja na majirani. Mti umetawanyika. Kwisha.

Dada wa Seva: Shikamoo Mzee, lakini hilo ni nusu ya habari. Utafutaji wa kugawa kati hauendi kwa jirani. Unaruka nafasi laki tano, kisha laki mbili na nusu, na kadhalika. Majirani wanasaidia mwishoni tu: kashe huvuta baiti 64 kwa mkupuo, yaani jozi nne za mwanafunzi, kwa hiyo hatua mbili hivi za mwisho ni za bure. Na hatua kumi za juu zina vituo 1,023 tu, hivyo hubaki kwenye kashe upande wa mti na upande wa safu vilevile.

Kinachouma ni vitu viwili. Kwanza ukubwa. Kwenye Linux yenye GCC, nodi ya `std::map` inabeba rangi na vielekezi vitatu, baiti 32, kabla hata ya jozi yako ya 16. Jumla 48, na `malloc` ikiongeza chake inakuwa 64. Milioni moja ni MB 64, wakati safu ni MB 16. Kashe ileile inashika sehemu ndogo zaidi ya mti.

Pili, na hili ndilo zito kwangu: kwenye mti, anwani ya nodi inayofuata imeandikwa ndani ya nodi ambayo bado hujaipata. Huwezi kuanza safari ya pili kabla ya kwanza kurudi. Kwenye safu anwani ni hesabu tu, kwa hiyo prosesa inabahatisha upande na kuagiza mapema. Ikikosea nusu ya nyakati, bado imefaidi.

Mzee Biti: Marahaba. Lakini hapo kompaila ikitoa `cmov` badala ya tawi, hakuna kubahatisha, na safu nayo inasubiri zamu kwa zamu. Nimeona toleo lisilo na tawi likishinda data ikiwa ndogo na likishindwa ikiwa kubwa.

Dada wa Seva: Kweli, inategemea kompaila. Siwezi kukupinga bila kusoma asembli yake.

Mpwani: Samahani, mimi nina maagizo yanayoingia na kufutwa mchana kutwa. Nilihamia vekta baada ya kusoma mijadala kama huu, mfumo ukaanza kukwama. Kuingiza kimoja katikati ya MB 16 ni kusogeza MB 8 kwa wastani. Mtu akisema "safu daima" namshangaa. Nilirudi kwenye mti, ila wa B: `BTreeMap` ya Rust, hadi funguo 11 kwa nodi. Nodi chache, safari chache, na kuingiza hakuumi.

Dada wa Seva: Hapo nakubali. Hoja yangu ni ya data inayosomwa mara nyingi na kubadilika mara chache.

Mwanafunzi: Nimependa. Nijuaje kwamba ni kashe kweli na si kitu kingine?

Dada wa Seva: Tenganisha programu mbili, kisha:

```
perf stat -e cache-misses,instructions ./mti
perf stat -e cache-misses,instructions ./safu
```

Hesabu ya `instructions` ikikaribiana na ya `cache-misses` ikiachana, umempata mchawi. Na angalia ulivyoujenga mti: ukiingiza funguo kwa mpangilio, `malloc` hutoa nodi zikifuatana, mti unaonekana mzuri kuliko ulivyo.

Mwanafunzi: Lo! Niliingiza kuanzia 1 hadi milioni. Nachanganya kwanza, nirudi na namba mpya.

Kibatari: Na 16 GB je?