Barua ya kutia ndani ya kitabu cha mjukuu, nimekosea wapi?

Bibi wa Langoni
Assalaam aleikum. Mjukuu wangu yuko Malindi, mwezi ujao atimiza miaka 8. Nimemnunulia kitabu cha hadithi, cha kwanza kuwa chake, si cha shule. Nimeandika na barua, kurasa mbili. Nilipomsomea mamake kwa simu akacheka: "Hii hataiweza, nitamsomea mimi." Nami nataka aisome mwenyewe! Inaanza hivi: "Mjukuu wangu, mboni ya mato yangu, ama baada ya salamu nyingi zisizo idadi nakuarifu kwamba sisi sote huku Lamu hatujambo na hofu ni kwako wewe uliye mbali nasi..."

Kijana wa Shela
Shikamoo bibi. Mwandikie kwa herufi za Kiarabu kama barua za wazee. Si yuko chuoni, anasoma Kurani?

Mwalimu Mstaafu
Kurani ina irabu zote, tena nyingi amehifadhi. Kiswahili cha herufi zile ni kazi nyingine: kwa mtindo wa zamani "kuku" na "koko" huandikwa mamoja, msomaji akajua kwa maana. Mtoto huyu bado anaunga silabi. Jina lake tu juu ya barua, hilo litampendeza.

Bibi, sentensi yako ina pumzi tatu. Akifika kwenye hofu, salamu keshazisahau. Ikate. Ukurasa mmoja unatosha, herufi ziachane, usiandike mwandiko wa kuunganisha. Kisha mpe sababu ya kufungua kitabu: mtajie kitu kilichomo na ukurasa wake.

Mama Wawili
Sisi siku za kuzaliwa hatusherehekei, sijui nyinyi.

Bibi wa Langoni
Hakuna keki mwanangu, ni kitabu.

Mama Wawili
Haya. Basi hakikisha si kigumu. Wangu alipewa kimoja, sasa kimeegemeza mguu wa kabati. Mamake amfungulie ukurasa wa katikati, kila neno asilolijua akunje kidole. Mkono ukijifumba kabla ukurasa haujaisha, kibadilishe.

Bibi wa Langoni
Amekunja viwili, kitabu kinakwenda. Barua nimeiandika upya:

"Mjukuu wangu, mboni ya mato yangu.
Sisi hatujambo. Hofu ni kwako.
Kitabu hiki ni chako. Andika jina lako ndani.
Ukurasa wa 9 kuna punda. Amegoma katikati ya ndia. Wamkumbuka wetu?
Ukimaliza, nipigie unisomee."

Mamake sasa ataka nifute "ndia" niandike "njia", eti mtoto ataiandika hivyo kwenye mtihani.

Kijana wa Shela
Usifute bibi! Na "mato" je, nayo ifutwe?

Mwalimu Mstaafu
Mimi ningeiacha. Lakini kwenye mtihani mamake hajakosea, nimewahi kusahihisha "ndia" nyingi kwa kalamu nyekundu.

Bibi wa Langoni
Boti ya Mokowe ni kesho asubuhi. Kitabu nimekifunga kwa mfuko wa plastiki, bahasha bado iko wazi.