Mchwa na nyumba ya mbao: nguzo zichimbiwe ardhini au zikae juu ya zege?

Mjenzi_Kilosa: Wakuu, naombeni ushauri. Najenga nyumba ya mbao ya mita 6 kwa 8 huku Kilosa, kiwanja kina vichuguu viwili. Mbao nitatoa Mafinga, msonobari uliotiwa dawa kiwandani. Fundi anataka nguzo za mbao zichimbiwe sentimita 60 na kumwagiwa zege. Anasema zege na dawa vinatosha. Kweli?

Mzee_wa_Randa: Fundi yuko sahihi. Ongezea oili chafu mikono miwili, mchwa hagusi.

Bati_na_Mbao: Mzee wangu, shikamoo, ila hapo kwenye zege sikubaliani. Mbao ikikauka inasinyaa, kati yake na zege unabaki uwazi mwembamba. Mchwa hupita kwenye ufa wa milimita 2, na hapo anapanda gizani, hamwoni mpaka sakafu ianze kubonyea. Oili nayo inakaa juu juu. Jua likipasua mbao, ndani hakuna kitu.

Mjenzi, inua nyumba juu ya nguzo fupi za zege, sentimita 30 kwa 30, zitoke ardhini sentimita 60 ili mtu aweze kuingia chini na tochi. Kwa ukubwa huo nguzo 12 zinaweza kutosha, kutegemea boriti zako. Kila nguzo ivae kofia ya bati bapa la geji 26. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50: 30 zinakaa juu ya nguzo, 5 zinatokeza kila upande, 5 za mwisho unazikunja kushuka chini kwa mshazari. Bati moja la mita 1.2 kwa 2.4 linatoa vipande 8, kwa hiyo mawili yanakutosha.

Pembe zipishanishe na uzichomee kwa risasi. Tundu la bolti lizibe kwa lami. Juu ya kofia tandika nailoni ya DPC kabla ya boriti, kwa sababu shaba iliyomo kwenye dawa ya mbao hula bati la zinki pakiwa na unyevu.

Kofia haiui mchwa. Inamlazimisha azungukie nje, ajenge njia ya udongo mahali unapoiona.

Dada_wa_Likoni: Mimi niko Mombasa, nyumba yangu ina sakafu ya zege kabisa na bado fremu za milango zinamwaga vichembe kama mchanga. Kwa hiyo hizo kofia ni kazi bure?

Bati_na_Mbao: Dada, hao wako ni wengine, mchwa wa mbao kavu. Wanaingia kwa kuruka, wanaishi ndani ya mbao yenyewe na hawahitaji udongo, kwa hiyo kofia haiwahusu. Ukiona vichembe vigumu bila njia ya udongo, ndio hao. Kipande kilicholiwa kibadilishe kwa mbao iliyotiwa dawa.

Mjenzi_Kilosa: Nimeelewa. Sasa mbao za dawa nitazijuaje kama zimeiva? Na nikizikata?

Karani_wa_Mbao: Usitazame rangi ya nje. Mwombe muuzaji akate kipande katikati ya urefu, siyo mwishoni, maana nchani dawa huingia kirahisi. Ukijani ukiwa ni ngozi tu na ndani kweupe, huenda mbao ilitiwa dawa ikiwa mbichi. Maji huzuia dawa isipenye. Ukikata mwenyewe, ule uso mpya hauna kinga ya kutosha: paka dawa ya mbao yenye shaba, acha inywe, rudia, na ncha iliyokatwa isielekee ardhini. Mabaki usipikie kamwe, dawa nyingi za kijani zina aseniki.

Bati_na_Mbao: Halafu ngazi. Wengi wanaweka kofia vizuri kisha wanaegemeza ngazi ya mbao kutoka ardhini hadi kibarazani; mchwa anapanda humo. Jenga ngazi ya zege inayojitegemea, iachane na nyumba sentimita 5. Bomba la maji livae kola ya bati. Kuni zisipangwe chini ya nyumba.

Ukaguzi ni kila miezi 3, na kila mwezi wakati wa masika. Ukikuta njia ya udongo, usiifagie yote. Vunja sentimita 5 tu, rudi baada ya siku 3. Ikiwa imezibwa, wapo kazini: fuata njia mpaka inapotokea ardhini, na gongagonga boriti iliyo juu yake kwa mpini wa bisibisi.

Mzee_wa_Randa: Marahaba. Ila kwa vichuguu viwili, bila kumwaga dawa ardhini hamtaweza.

Karani_wa_Mbao: Kisima kiko umbali gani? Mimi nisingemwaga kabla ya kujua.

Mjenzi_Kilosa: Kiko mita 15, upande wa mteremko.

Bati_na_Mbao: Upande huo usimwage. Anza kwa kuchimbua vichuguu mpaka kwa malkia.

Mzee_wa_Randa: Malkia akikukwepa je?